TAGI SIYO SHUKRANI, NA KOLABO SIYO SALAMU

Kuna tabia imeota mizizi Insta na watu wanaichukulia poa. Mtu anapiga picha moja, anaposti, halafu anatagi ukoo mzima. Anatagi patna wake wa biashara, anamtagi mpenzi wake, kampuni ya simu, redio mbili, mastaa watatu ambao hata hawamjui, na kurasa tano za umbea ili "ziishike". Ukimuuliza umeomba ruhusa kwa nani, anakushangaa. "Si nimempa promo ya bure?"

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Wanaofanya hivi wanaamini tagi ni zawadi, na mpewa zawadi hana cha kulalamika. Ukweli ni kwamba ukimtagi mtu unamchukua alipo na kumsimamisha mbele ya watu wako, kwa maneno yako na kwa muda uliouchagua wewe. Kama hukumuuliza, umemsemea.

Na watu wanachanganya vitu vitatu ambavyo havifanani. Kwanza, kumtaja mtu kwenye kapsheni kwa @ na jina lake. Hapo anapata taarifa, na yeyote anayesoma anaweza kubonyeza jina akaenda kwake. Basi. Pili, kumtagi juu ya picha yenyewe. Hii inakwenda mbali zaidi, kwa sababu picha yako inaweza kuingia kwenye ukurasa wake, ile sehemu ya picha alizotagiwa. Mteja wake au mama mkwe wake akifungua, anaikuta imekaa pale kana kwamba ni sehemu ya maisha yake.

Tatu ni kolabo, na hii ndiyo nzito. Ukibonyeza "Invite collaborators" na mwenzako akakubali, posti inakaa kwenye kurasa zote mbili, majina mawili yanaandikwa juu, na laiki na komenti zinakuwa za pamoja. Lakini anayebaki na usukani ni aliyeposti. Yeye ndiye anayebadili kapsheni, na akiifuta, imefutika kote pamoja na komenti zake. Kwa hiyo aliyekubali kolabo ameruhusu mtu mwingine aandike ukutani kwake. Kolabo angalau ina mlango, maana bila yeye kubonyeza "Accept" haiingii kwake. Tagi ya kawaida, kama hajabadili mipangilio, inaingia bila hodi.

Sasa chukua mfano, na uuweke Shelui, pale Iramba, ukishashuka mlima Sekenke kuelekea Nzega. Mji mdogo wa barabarani: malori yanalala, mabasi ya Mwanza yanapita, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaingia jioni kununua mahitaji. Kwenye mji kama huu kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu. Kuna harusi. Bibi harusi ni binti wa hapo hapo, bwana harusi ni kijana anayenunua dhahabu kwa wachimbaji na kuipeleka mjini. Dada mwenye saluni anampamba bibi harusi. Mpiga picha ni kijana mwenye kamera moja na pikipiki. Msimamizi wa bibi harusi ni binamu yake, msanii anayeanza kujulikana Dar, ambaye kapanda basi kuja kusimama na ndugu yake.

Saa nne asubuhi saluni imejaa. Mpiga picha anapiga picha moja kali: bibi harusi kwenye kioo, msanii nyuma yake kashika shela, na pembeni bwana harusi kachungulia mlangoni, kitu ambacho kimila hakitakiwi lakini wote wanacheka. Anamrushia dada wa saluni kwenye WhatsApp aione. Dakika kumi baadaye ipo Insta. Kapsheni: "Kazi na mapatna wangu. Tupo Shelui mpaka Jumapili." Katagiwa bibi harusi, katagiwa bwana harusi, katagiwa msanii, ikaongezwa kampuni moja ya vipodozi na kurasa kumi za umbea. Lokesheni imewekwa. Aliyepiga picha hayumo hata kwa herufi moja.

Dada wa saluni hana roho mbaya. Anatafuta wateja, na kazi yake ni nzuri. Lakini hebu tazama alichomfanyia kila mmoja.

Anza na bibi harusi. Nusu ya ndugu wa upande wa mume wako njiani kutoka Nzega, hawajamwona. Picha ya shela ilikuwa yake kuitoa, saa aitakayo yeye. Sasa wakwe wanaiona kwenye simu ndani ya basi, kabla ya kanisani, na mama mkwe anauliza kwa nini mwanaye alikuwa saluni asubuhi ya harusi. Kitu kidogo? Mwambie hivyo bibi harusi.

Nenda kwa msanii. Yeye ana mkataba na kampuni ya vipodozi. Mikataba ya namna hii huwa na kipengele kinachomzuia balozi kuonekana akitangaza kampuni pinzani katika kipindi cha mkataba. Dada wa saluni katagi mpinzani, tena kwenye picha ambayo uso wa msanii upo katikati na kapsheni inasema "mapatna". Msanii hakupaka hata wanja wa hiyo kampuni. Lakini meneja wake atapigiwa simu Jumatatu, na atakayetakiwa kujieleza ni msanii. Neno "patna" ndilo lililomponza. Mtu akilisoma chini ya picha anaelewa kuna makubaliano, kuna hela imepita, kuna ushirika. Ukimwita mtu patna bila yeye kukubali, umemtangazia mkataba usiokuwepo.

Halafu bwana harusi. Huyu ndiye ambaye watu wengi hawamfikirii kabisa. Kazi yake ni kutembea na pesa na dhahabu. Hajawahi kujiposti akiwa safarini, na ana sababu. Tagi hiyo imeweka pamoja sura yake, jina lake, mji alipo na siku atakazokuwepo. Anayemtafuta kwa nia mbaya hahitaji upelelezi. Kinachofanya iwe mbaya zaidi ni kile kipande cha "mpaka Jumapili", kwa sababu kinasema pia kwamba nyumbani kwake hayupo. Dada wa saluni angeweza kuposti picha hiyo hiyo Jumatatu, bila lokesheni na bila tagi ya bwana harusi, na asingepoteza mteja hata mmoja.

Mwishoni mpiga picha. Hapa kosa linageuka upande wa pili. Kurasa kumi za umbea ambazo hazikushika hata kibanio zimetagiwa, na mtu aliyefanya kazi kaachwa. Halafu watu wanaongea kuhusu kumtaja mpiga picha kana kwamba ni hisani. Kwa Tanzania siyo hisani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama kazi ya mtunzi wake, na inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Kumlipa kupiga harusi hakuifuti haki hiyo. Na kwenye mfano huu dada wa saluni hata hakumlipa. Alirushiwa picha aione, akaigeuza tangazo la saluni yake.

Hii ndiyo picha kamili ya ugonjwa wenyewe. Wasiohusika wanatagiwa kwa sababu ni wakubwa, na waliohusika wanasahaulika kwa sababu ni wadogo. Mwenye mafolowa laki tano anatagiwa hata kama hajui Shelui iko mkoa gani, na kijana mwenye pikipiki, ambaye tagi moja ingemletea harusi nyingine mbili Misigiri na Kiomboi, haonekani. Kwa hiyo hoja ya "nampa promo" inaanguka yenyewe. Aliyekuwa na shida ya promo hakupewa.

Utetezi wa pili ni huu: "Mtandao ni uwanja wa wazi. Asiyetaka kuonekana asije." Unasikika mtamu mpaka uangalie yaliyotokea kwa majirani. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliipiga faini klabu ya Casa Vera ya Nairobi, shilingi 1,850,000 za Kenya, kwa kuposti picha ya mteja kwenye mitandao yake bila ridhaa yake. Mteja alikuwa klabu, mahali penye watu na taa na kamera kila kona. Kuja kwake kustarehe hakukumgeuza tangazo la klabu. Kipindi hicho hicho shule ya Roma ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwa maneno mengine, kuwepo mahali hakumaanishi kukubali kutumika.

Na asidhani mtu kwamba hayo ni ya Wakenya tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Hakuna atakayekufuata kwa kuposti bethidei ya shangazi yako kwenye statasi. Lakini ukurasa wa saluni, wa lodge, wa klabu au wa duka la viatu ni biashara, na sura ya mteja pale inafanya kazi ya kuuza. Kumtagi juu yake kunamaliza ubishi wote, maana hutaweza kusema "hatambuliki". Umemtambulisha wewe mwenyewe.

Kuna utetezi wa tatu, nao ni wa wapenzi. "Mpenzi wangu, namtagi ninavyotaka." Huu ndio unaoleta vilio vingi zaidi. Dada anamtagi jamaa kwenye picha ya miguu miwili kitandani, jamaa yupo kazini, bosi wake anamfuata Insta. Kaka anamposti mchumba kabla mchumba hajawaambia wazazi, na baba mtu anaoneshwa na jirani. Kisha akiambiwa atoe, anageuza kesi: "Kumbe unanificha! Una mwingine!"

Hapana. Inawezekana ana mwingine, na inawezekana pia hataki kazi yake ijue maisha yake, au anasubiri barua ya posa ifike kwanza. Anayemtagi mpenzi ili kumpima ameacha kumposti kwa mapenzi. Anamwekea mtego mbele ya watu. Akikubali tagi, kashinda. Akiikataa, komenti zitamhukumu. Kama kuna shaka, muulize mkiwa wawili. Ukiona unahitaji mashahidi elfu mbili ili uulize swali la mapenzi, jibu unalijua tayari.

Sasa, ustaarabu wenyewe ukoje? Siyo mgumu hivyo, ila unataka uulize kabla, na uulize swali lililo kamili. Watu wengi wanauliza "naweza kukuposti?", mtu anasema "poa", halafu anashangaa kuona kolabo, lokesheni na jina la kampuni. Alikubali kitu kimoja, kafanyiwa vitano. Ujumbe wa maana unafanana na huu:

"Mambo dada. Nataka kuweka ile picha ya kwenye kioo, wewe na bibi harusi tu, Jumatatu jioni. Kapsheni ni 'Bibi harusi wetu wa Shelui, mekapu na nywele kwetu.' Naomba nikutagi kwenye picha, siweki lokesheni wala kampuni yoyote. Ukiona haifai niambie, nitaiweka bila tagi au nisiiweke kabisa."

Huo ujumbe umeonesha picha ipi, maneno yapi, siku gani na tagi ya aina gani, na umempa mtu njia ya kukataa bila aibu. Hiyo njia ya kukataa ndiyo watu wanaisahau. Kwa mtu mzima, mama wa bibi harusi kwa mfano, unaanza na shikamoo na ikiwezekana unapiga simu, maana wengi hawajui tagi ni nini na watasema "sawa mwanangu" kwa heshima tu. Mweleze kwamba watu usiowajua wewe wala yeye wataiona. Akisita, hiyo ni hapana.

Kimya pia ni hapana. Meseji imesomwa, tiki mbili za bluu, hajajibu; haijageuka kuwa ruhusa. Na kwa staa mkubwa ambaye hatakujibu milele, jibu ni rahisi: usimtagi. Kama ulifanya naye kazi kweli, meneja wake anapatikana. Kama hukufanya naye kazi, unamtagi kwa lipi?

Kwa kolabo, weka makubaliano kabla ya mwaliko kutumwa. Nani anaposti? Huyo ndiye mwenye kapsheni na mwenye uwezo wa kufuta. Komenti za matusi nani atazisafisha? Mkigombana, posti inabaki au inatoka? Kwa kazi yenye hela, aliyewekeza zaidi ndiye aposti, mwingine aalikwe. Mafundi wengi wamejifunza hili kwa machungu: kazi yao bora ilikaa kama kolabo kwenye ukurasa wa staa, staa akasafisha ukurasa wake kujiandaa na albamu mpya, na kazi ikapotea na komenti zote za wateja.

Na kwa aliyetagiwa bila kuulizwa, asianze na skrinshoti na matusi. Gusa picha, gusa jina lako, chagua "Remove me from post", umetoka. Aliyeko kwenye kolabo ana "Stop sharing". Anayetaka kuziba kabisa aende kwenye mipangilio, "Tags and mentions", awashe "Manually approve tags", ili kisiingie kitu kwenye ukurasa wake kabla hajakikagua. Ila aelewe mipaka yake: hiyo inalinda ukurasa wake tu. Picha yenyewe na sura yake vinabaki kwa aliyeposti, kwa hiyo bado kuna ujumbe wa kuandika: "Kaka, naomba uitoe ile picha, sikuwa nimekubali." Ujumbe mfupi, inboksi, mara moja.

Ukipokea ujumbe kama huo, kazi yako ni moja. Toa. Usiulize kwa nini, usiseme "mbona imependwa sana", usisubiri ifikishe laiki elfu. Kila saa unayochelewa inaongeza watu walioihifadhi, na hao hutawafuta. Pia usiitoe kisha ukaweka stori ya mafumbo kuhusu "watu wanaojisikia". Hiyo ni kumtagi mara ya pili, bila jina.

Wapo watakaosema huu wote ni usumbufu, na kwamba posti moja haiwezi kuhitaji meseji nne. Warudi Shelui kwenye ule mfano. Meseji nne zingechukua dakika kumi. Msanii angebaki na mkataba wake, bwana harusi angelala bila wasiwasi, bibi harusi angetoa picha yake mwenyewe, na mpiga picha angepata jina. Dada wa saluni naye angepata alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo, yaani wateja wanaomwamini kukaa kwenye kiti chake mbele ya kamera.

Wewe je, tagi ya mwisho uliyoweka, uliuliza? Dondosha komenti hapo chini. Usimtagi mtu.